Muhtasari wa kamati ya tathmini ya zabuni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya makatibu na wajumbe wa kamati za tathmini ambao muhtasari wao utasomwa na mtu ambaye hakuwemo kikaoni: bodi ya zabuni, mkaguzi, au mzabuni aliyeshindwa na kukata rufaa. Kote tunatumia mfano mmoja wa kutunga. Taasisi inanunua jenereta 2 pamoja na matengenezo ya miaka 3. Wazabuni ni wanne: A, B, C na D. Nyaraka za zabuni zilitangaza kuwa ufundi una uzito wa alama 60 na bei alama 40, na kwamba atakayepata chini ya 70 kati ya 100 kwenye ufundi haendelei hatua ya bei. Mwishoni kamati inampendekeza B, ambaye bei yake ni kubwa kuliko za wote waliofika hatua hiyo. Matokeo ya namna hii ndiyo yanayohojiwa zaidi, na ndiyo yanayoonyesha kama muhtasari umeandikwa sawasawa.

Muhtasari na ripoti ya tathmini ni kitu kimoja?

Hapana, ingawa taasisi nyingine huviunganisha. Ripoti inaeleza matokeo: nani kaondolewa, nani kapata ngapi, nani anapendekezwa. Muhtasari unaeleza jinsi kamati ilivyofika hapo: nani alikuwepo saa ngapi, nini kilitamkwa, alama ipi ilibadilishwa na kwa sababu gani. Ukiunganisha, hakikisha sehemu hiyo ya pili haimezwi na majedwali.

Tamko la maslahi litolewe lini?

Litolewe baada ya majina ya wazabuni kujulikana na kabla mjumbe hajafungua zabuni hata moja. Tamko lililosainiwa siku ya uteuzi, wakati hakuna anayejua nani ameomba, halisaidii kitu, kwa sababu mtu hawezi kutamka uhusiano na kampuni asiyojua kama imo.

Kila mjumbe ajaze fomu yake, na katibu pia, hata kama hatoi alama. Fomu iorodheshe wazabuni wote kwa majina pamoja na wabia na wakandarasi wadogo waliotajwa, na mjumbe ajibu mbele ya kila jina. Ule mstari mmoja uliozoeleka, "wajumbe wote walitamka kuwa hawana mgongano wa maslahi", hautoshi. Haumwonyeshi msomaji kama wajumbe waliulizwa kuhusu nani, wala kama waliulizwa kuhusu ndugu, hisa, mikopo na ajira za zamani.

Uhusiano mdogo nao uandikwe. Mjumbe aliyewahi kuhudhuria mafunzo yaliyoendeshwa na mzabuni miaka kadhaa nyuma pengine atabaki kwenye kamati, lakini muhtasari utaje jambo lenyewe, nani aliamua abaki, na kwa nini. Likiibuka baadaye bila kuwa limeandikwa, litaonekana lilifichwa.

Mjumbe akigundua uhusiano katikati ya kazi, alama zake tunazifanyaje?

Hili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa majina ya wafanyakazi wa mzabuni hukutwa ndani kabisa ya zabuni na si kwenye jalada. Katika mfano wetu, mjumbe anayetathmini ufundi anafika kwenye wasifu wa mafundi wa A na kukuta jina la shemeji yake. Anatakiwa asimame hapo hapo na kumjulisha mwenyekiti. Muhtasari utasomeka hivi, ila kwa jina kamili la mjumbe:

"Saa 4:20 asubuhi Mjumbe Na. 3 aliijulisha kamati kuwa shemeji yake ni mwajiriwa wa Mzabuni A na ametajwa kuwa fundi mkuu katika ukurasa wa 47. Alieleza kuwa yeye mwenyewe hana hisa wala malipo kutoka kwa mzabuni huyo. Mwenyekiti, baada ya kusikiliza wajumbe wengine, aliamua kuwa uhusiano huo unamzuia kuendelea. Mjumbe alirudisha nakala za zabuni na fomu zake za alama, akatoka saa 4:35. Alikuwa amekwisha kutoa alama za ufundi kwa A na B. Alama hizo zimeondolewa zote na fomu zake zimeambatishwa zikiwa zimepigwa mhuri wa 'hazikutumika'."

Zimeondolewa alama zake zote, za B pia. Wengine hufuta alama za mzabuni mwenye uhusiano tu na kudhani wamemaliza. Alama ni za kulinganisha: anayetaka kumbeba A anaweza asimwongezee A kitu, akambana B badala yake. Ukiacha alama zake kwa B, umeacha nusu ya tatizo ndani ya hesabu.

Usizichane fomu hizo. Mkaguzi akikuta zimekosekana atauliza zilikuwa na nini.

Kujaza nafasi ni kazi ya mamlaka iliyoteua kamati, si ya mwenyekiti. Mjumbe mpya naye ajaze tamko, kisha asome zabuni zote tangu mwanzo. Muhtasari uonyeshe alipewa muda gani wa kusoma, kwa sababu haraka yake huonekana baadaye kwenye alama, kama tutakavyoona.

Mzabuni anaondolewaje kabla ya alama?

Kwa kifungu, kwa ukurasa, na kwa kilichokosekana. D alileta dhamana ya zabuni ya siku 90, wakati kifungu cha nyaraka kilitaka siku 120 na kusema wazi kuwa dhamana pungufu itaondoa zabuni. Andika namba ya kifungu, siku zilizotakiwa, siku zilizoletwa na ukurasa ilipo dhamana. "Dhamana haikukidhi matakwa" ni hukumu isiyo na ushahidi.

Kama wazabuni wawili wana upungufu ule ule, wote waondoke au wote wabaki. Rufaa nyingi hushinda hapa, kwa hiyo kabla ya kufunga hatua hii rudi kwenye kila zabuni iliyobaki ukaangalie kasoro ileile.

Wajumbe wakitofautiana sana, tuchukue wastani tu?

Kwanza kila mjumbe atoe alama peke yake, asaini fomu, na katibu azipokee kabla ya mjadala kuanza. Kamati inayojadili kwanza na kuandika baadaye huishia na alama za mwenyekiti zilizonakiliwa na wengine. Dalili yake ni fomu tano zenye namba zilezile hadi nukta ya mwisho, na mkaguzi huitambua mara moja.

Tofauti ndogo ziache, wastani utazibeba. Tofauti kubwa zijadiliwe. Kigezo cha mpango wa matengenezo kilikuwa na alama 25. Kwa Mzabuni B wajumbe watano walitoa 22, 21, 23, 12 na 22. Wastani ni 20. Ile 12 ni ya mjumbe aliyeingia kuchukua nafasi. Mwenyekiti alimwomba aeleze, si abadilishe. Alieleza kuwa hakuona ratiba ya ziara wala orodha ya vipuri. Wenzake walimwonyesha kiambatisho nyuma ya zabuni, ukurasa wa 31 hadi 36. Akakisoma palepale, akabadilisha alama yake kuwa 20. Wastani ukawa 21.6.

Kubadilisha alama kwa namna hii ni halali endapo mambo manne yameandikwa: alama ya kwanza, alama mpya, ukurasa uliosababisha, na saini ya mjumbe mwenyewe. Kwenye fomu, ya zamani ikatwe kwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka. Wino mweupe usiwepo hata ndani ya chumba.

Ingekuwa vingine kama mjumbe huyo angesema ameisoma ratiba na anaona ziara zimepangwa vibaya. Hapo 12 yake ni maoni ya kitaalamu na inabaki. Muhtasari uandike sababu yake na wastani uhesabiwe nayo. Alama ikishabadilishwa ili tu ifanane na za wengine, kamati imepoteza mjumbe mmoja.

Jambo la kuongeza kwenye muhtasari, ambalo wengi hawalifanyi: onyesha kama badiliko lilibadili mshindi. Hapa ufundi wa B ulikuwa 86.4 kabla na 88.0 baada. Kwa alama za zamani jumla yake ya mwisho ingekuwa 85.17, bado juu ya A mwenye 84.76. Sentensi moja hiyo inazima swali ambalo lingeulizwa kwa hakika.

Hesabu za mzabuni zikiwa na kosa?

Fuata kanuni iliyomo kwenye nyaraka za zabuni. Kwa kawaida bei ya kizio ndiyo inayoshinda jumla. C aliandika ziara 24 za matengenezo kwa 250,000 kila moja, lakini jumla ya mstari akaweka 4,000,000. Hesabu sahihi ni 6,000,000, hivyo bei yake ikapanda kutoka milioni 78 iliyosomwa siku ya ufunguzi hadi milioni 80. Katibu akamwandikia, naye akakubali kwa barua.

Muhtasari uonyeshe bei zote mbili, iliyosomwa na iliyorekebishwa. Msomaji aliyehudhuria ufunguzi anakumbuka 78. Akikuta 80 bila maelezo atafikiri bei imechezewa.

Barua ya kuomba ufafanuzi isivuke mpaka huu. Unaweza kuuliza kilichoandikwa kinamaanisha nini, au kumwomba akubali marekebisho ya hesabu. Huwezi kumwomba apunguze bei au alete kitu alichotakiwa kukileta tangu mwanzo na kinachopewa alama.

Alama za bei zinapatikanaje?

Kwa kanuni iliyotangazwa. Katika mfano wetu, bei ya chini zaidi kati ya zilizofika hatua ya bei inagawanywa kwa bei ya mzabuni, kisha inazidishwa kwa 40. Bei za A, B na C zikiwa kwenye safu C, mstari wa 2 hadi wa 4 wa faili la Eksel, fomula ni hii:

```
=ROUND(40*MIN($C$2:$C$4)/C2,2)
```

Matokeo yakawa haya, bei zikiwa kwa mamilioni:

| Mzabuni | Ufundi kati ya 100 | Ufundi × 0.6 | Bei | Alama ya bei | Jumla |
|---|---|---|---|---|---|
| A | 82.0 | 49.20 | 90 | 35.56 | 84.76 |
| B | 88.0 | 52.80 | 96 | 33.33 | 86.13 |
| C | 71.0 | 42.60 | 80 | 40.00 | 82.60 |

Makosa mawili hujirudia kwenye faili hili. La kwanza ni kusahau alama za `$`, hivyo fomula ikivutwa chini, eneo la kutafuta bei ya chini linateremka nayo. La pili ni kumwacha aliyekwisha kuondolewa ndani ya eneo hilo. D alikuwa na bei ya milioni 74. Akibaki humo, alama ya bei ya C inashuka hadi 37.00, A inakuwa 32.89 na B 30.83. Namna ya kugundua ni rahisi: kwa kanuni hii lazima awepo mzabuni mwenye 40 kamili. Kama hakuna, fomula inamwona mtu asiyetakiwa kuwemo.

Mjumbe mmoja ahakikishe hesabu kwa mkono au kikokotoo na jina lake liandikwe. Faili lichapwe, lisainiwe kila ukurasa.

Tukiona uzito wa 60 kwa 40 haufai, tunaweza kuurekebisha?

Hapana, hata wajumbe wote wakikubaliana. Chukua alama zilezile za jedwali na uzigeuze uzito uwe ufundi 40 na bei 60: A anapata 86.13, B 85.20, C 88.40. Mshindi anakuwa C. Kwa maneno mengine, anayeshika uzito baada ya bei kufunguliwa anashika jina la mshindi. Katazo hili linavihusu pia vigezo vidogo. Kama nyaraka zilisema mafundi wana alama 20 bila kuzigawa, kamati ikubaliane namna ya kuzigawa kabla ya kufungua zabuni, na iandike hivyo kwenye muhtasari wa kikao cha kwanza ikionyesha saa.

Ukiona uzito uliotangazwa kweli hauendani na unachonunua, andika kama angalizo kwa ununuzi ujao.

Tunaandikaje sababu za kumpendekeza mwenye bei kubwa?

Usiizunguke bei. Itaje mwanzoni, kisha onyesha ni kigezo kipi kilichotangazwa kimezalisha tofauti. Linganisha aya hizi mbili.

Ya kwanza: "Mzabuni B anapendekezwa kwa kuwa ana uzoefu mkubwa, anafahamika kwa kazi nzuri na bei yake ni ya kuridhisha." Uzoefu una alama zake na umeshahesabiwa. Kufahamika hakumo kwenye vigezo. Bei ya kuridhisha ni maneno yanayoweza kuandikwa juu ya bei yoyote. Mzabuni A akiiona aya hii ana rufaa mkononi.

Ya pili: "Kamati inampendekeza Mzabuni B kwa milioni 96, akiwa na jumla ya alama 86.13. Bei hii inazidi ya A kwa milioni 6 na ya C kwa milioni 16. A amepata 84.76. Tofauti ya ufundi kati ya B na A ni alama 6, ambapo 5.8 zinatoka kwenye mpango wa matengenezo: B ametoa ratiba ya ziara 24 zenye tarehe, orodha ya vipuri vitakavyokuwepo muda wote, na ahadi ya kufika ndani ya saa 6 baada ya taarifa ya hitilafu (uk. 31–36), ambapo A ameahidi kufika 'mapema iwezekanavyo' bila kutaja muda wala vipuri (uk. 22). C ana bei ya chini lakini alipata 11 kati ya 20 kwa mafundi, kwa kuwa kati ya mafundi 3 waliotakiwa aliambatisha vyeti vya mmoja tu (uk. 40)."

Aya ya pili ni ndefu, lakini haina neno ambalo msomaji hawezi kwenda kulikagua. Pia imeshaandika nusu ya barua ya kumweleza A na C kwa nini hawakupata.

Saa 6 zile na ratiba ya ziara 24 ziwekwe pia kwenye mapendekezo kama masharti ya kuingizwa kwenye mkataba. B amelipwa alama kwa ahadi hizo. Zisipoingia kwenye mkataba, taasisi italipia milioni 6 zaidi kwa karatasi. Kwa maoni yetu hii ndiyo sehemu inayosahaulika kwa hasara kubwa kuliko zote.

Kumbuka pia kuwa kamati inapendekeza tu. Usiandike "kamati imempa zabuni Mzabuni B", maana kutoa zabuni ni mamlaka ya chombo kingine.

Mjumbe asipokubaliana na pendekezo?

Aandike sababu zake mwenyewe, kwa maneno yake, na ziambatishwe. Asaini kuwa alihudhuria na kwamba muhtasari ni sahihi, huku akionyesha asipokubaliana. Kukataa kusaini moja kwa moja kunamwacha msomaji bila kujua kama anapinga pendekezo au anasema muhtasari ni wa uongo, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Katibu asifupishe hoja za mjumbe huyo.

Muhtasari usainiwe lini, na uambatishwe nini?

Usainiwe mapema, wajumbe wakiwa bado wanakumbuka, na kila kikao kiwe na wake. Kusubiri hadi mwisho ndiyo huleta mihtasari mitatu yenye wino mmoja na tarehe tatu. Angalia pia siku zilizobaki kabla zabuni zenyewe hazijaisha muda wa uhai. Ikibidi kuomba muda uongezwe, maombi yaende kwa wazabuni wote ambao zabuni zao bado ziko hai, kwa maandishi, kabla ya tarehe ya mwisho.

Ambatisha barua ya uteuzi wa kamati na ya mjumbe aliyechukua nafasi, matamko yote, orodha ya mahudhurio yenye saa za kuingia na kutoka, fomu halisi za alama za kila mjumbe zikiwemo zile zisizotumika, jedwali la mwisho lililosainiwa, na barua za ufafanuzi pamoja na majibu yake. Fomu za alama za mjumbe mmoja mmoja hukaa kwenye jalada la ununuzi. Mzabuni aliyeshindwa akiomba maelezo hupewa alama zake, jina na bei ya mshindi, na sababu zilizomhusu yeye, kwa kadiri kanuni za taasisi zinavyoruhusu. Kurasa za zabuni ya mwenzake hapewi, kwa sababu ratiba ya vipuri ya B ni siri ya biashara ya B hata baada ya kushinda.